Shilingi Mia Tatu Ukutani

Karatasi ililetwa imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya bluu pande zote mbili. Ilianza hivi: "TANGAZO! TANGAZO! TANGAZO! Ndugu wateja wetu wapendwa, uongozi wa mashine unapenda kuwataarifu kuwa kutokana na hali ngumu ya maisha, kupanda kwa mafuta, vipuri, kodi na mambo mengine yaliyo nje ya uwezo wetu, tumelazimika kupandisha bei ya kusaga. Hatuna nia mbaya na mtu yeyote. Hata wenzetu wameshapandisha. Tunaomba mtuelewe. Samahani kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Bei mpya yenyewe ilikuwa upande wa pili, mstari wa mwisho kabla ya "Wote mnakaribishwa".

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba 2023, kijijini Machochwe, katika chumba kimoja chenye kompyuta, printa na mashine ya fotokopi ambacho kila mtu hukiita steshenari. Aliyeileta ni mama mwenye mashine ya kusaga ya dizeli. Aliyeipokea ni kijana ambaye kazi yake kwa jina ni kuchapa, lakini kwa miaka niliyomfahamu nimemwona akifanya jambo jingine kabisa: anapokea maneno ya watu yakiwa na jasho na kuyarudisha yakiwa makavu. Barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, taarifa za vikoba. Ila kinachonifanya niende nikae kwenye benchi lake hata nikiwa sina cha kuchapa ni matangazo ya bei. Hapo ndipo ufundi wake unapoonekana wote.

Kwanza huisoma karatasi kwa sauti, polepole, bila kuchekesha. Huwa hasemi kitu. Mwenye tangazo akisikia maneno yake mwenyewe katika mdomo wa mtu mwingine huanza kujikuna shingo pale pale panapostahili. Mama alijikuna kwenye "hatuna nia mbaya". Kwa kweli hakuna aliyekuwa amemshtaki, na msomaji ambaye hakuwa na wazo hilo sasa amepewa. "Tunaomba mtuelewe" inamwambia mteja kwamba anatarajiwa kutoelewa. "Hata wenzetu wameshapandisha" inamtuma akaulize kwa hao wenzetu, na njiani anaweza kukuta mmoja ambaye hajapandisha.

Kisha kijana huuliza maswali machache, na hapigi kibodi mpaka yamejibiwa. Ilikuwa ngapi, itakuwa ngapi? Kuanzia siku gani? Nini hakibadiliki? Na la mwisho, ambalo ndilo gumu: sababu ni ipi, moja, ambayo mtu akikuuliza kesho na keshokutwa utaijibu vilevile?

"Sababu ni nyingi, mwanangu," mama alisema.

"Najua, mama. Lakini ukutani inakaa moja."

Hapa ndipo wengi huharibu, na hawaharibu kwa uongo. Mtu anayepandisha bei ana sababu saba za kweli na anadhani saba zina nguvu kuliko moja. Kwa msomaji mambo huwa kinyume. Kila sababu ni mlango wa ubishi. Ukitaja kodi, yupo atakayesema kodi haijapanda mwaka huu. Ukitaja vipuri, yupo aliyeona jana unafunga mkanda wa zamani. Ukitaja hali ngumu ya maisha, huyo unayemwambia naye maisha yake ni magumu, na anakuja na debe la mahindi aliyoyaokoa kwa tembo waliotoka hifadhini. Mbele yake "hali ngumu" si sababu hata kidogo. Utetezi wa tangazo hausikiki katika neno moja kali. Unasikika katika wingi wa maelezo.

Mama alichagua dizeli. Kijana akataka hesabu yake, na hapa naomba msomaji avumilie tarakimu kidogo, kwa sababu bila hizo huwezi kuona kwa nini tangazo lililotoka lilikuwa zuri.

Bei kikomo za mafuta nchini hutangazwa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na hubadilika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Julai 2023, kikomo cha dizeli kwa rejareja Dar es Salaam kilikuwa shilingi 2,544 kwa lita. Agosti kikawa 2,935. Septemba 3,259. Huku kwetu bei huwa juu zaidi kwa sababu ya usafiri, lakini zinapopanda pwani hupanda na mjini Mugumu, ambako mama hununua dizeli yake kwa madumu. Watu wote walikuwa wanajua. Redio ilikuwa ikisema, na bodaboda walikuwa wakisema zaidi ya redio. Duniani mafuta yalikuwa yamepanda baada ya Saudi Arabia na washirika wake kupunguza uzalishaji, na nchini dola za kuagizia zilikuwa adimu. Hayo ya dunia kijana aliyaacha nje. Sababu ya mashine ya Machochwe ni dizeli iliyo ndani ya dumu, na mteja analiona dumu.

Mama alikuwa anatoza 1,200 kwa debe na alitaka 1,500. Alishapima mwenyewe, kwa kuweka lita tano na kuhesabu madebe mpaka injini ikalia kwa njaa, na alijua kwamba lita moja inasaga debe tatu za mahindi makavu, pungufu kidogo yakiwa na unyevu. Kwa bei ya Julai, kila debe lilikuwa linakula dizeli ya shilingi 848. Kwa bei ya Septemba, 1,086. Tofauti ni 238.

"Dizeli imepanda mia mbili thelathini na nane kwa debe," kijana alisema, "na wewe unataka mia tatu."

Sijui kama mafundi wa matangazo wa mijini wanaweza kumwambia mteja wao hivyo. Mama alinyamaza, kisha akasema kuna nyundo za mashine, kuna neti, kuna beringi, kuna kijana anayeisimamia. Yote kweli. Lakini ukutani ingeandikwa dizeli. Na katika foleni ya mashine hakosekani mtu, mara nyingi mwanamke anayeuza mandazi au mzee aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika, ambaye anapiga hesabu hizi kichwani huku akisubiri zamu. Akigundua kwamba sababu uliyotoa haifiki kwenye kiasi unachodai, hatokuja kukwambia. Atawaambia wenzake. Basi ama sababu iongezwe ifike kwenye bei, ama bei ishuke ifike kwenye sababu.

Kijana akatoa ushauri wa tatu, na huu ndio ulioniinua kwenye benchi. Mama alitaka bei ianze Jumatatu tarehe 2 Oktoba. Jumatano tarehe 4 EWURA ingetoa bei mpya. "Tukibandika Jumatatu halafu Jumatano dizeli ishuke," alisema, "mama, utalitoa tangazo kwa mkono wako mwenyewe." Wakakubaliana wasubiri. Jumatano ikatoka: dizeli 3,448. Ongezeko tangu Julai sasa lilikuwa 904 kwa lita, ambalo kwa debe ni 301. Mia tatu ya mama ikawa imesimama kwa miguu yake, na siku ya kuanza ikawa Jumatatu tarehe 9.

Hesabu ya pili niliifanya mwenyewe pembeni ya gazeti. Julai, katika ile 1,200, mama alikuwa akibakiwa na 352 baada ya dizeli. Oktoba angebakiwa na 51, na hapo sijahesabu nauli ya madumu. Kwa 1,500 anarudi kwenye 351. Hakuwa anaongeza faida hata shilingi. Nikadhani hili ndilo la kuandika, kwa herufi kubwa. Kijana alikataa, na nadhani alikuwa sahihi. Ukiandika "hatupati faida yoyote ya ziada" umejibu shtaka ambalo halijaletwa, tena kwa namna isiyothibitika. Maneno hayo yana mahali pake, na mahali pake ni mdomoni. Akiuliza mtu, ajibiwe taratibu, uso kwa uso, na tarakimu zote. Asiyeuliza aachwe asage aende.

Hiki ndicho kilichochapwa:

"KUSAGA DEBE MOJA: SHILINGI 1,500
Kuanzia Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023.
Mpaka Jumapili tarehe 8 ni 1,200 kama kawaida.
Sababu ni bei ya dizeli.
Debe ni lile lile. Pumba ni za mwenye mahindi. Bei ya kukoboa haijabadilika.
Januari, bei mpya ya dizeli ikitoka, tutaitazama bei hii tena."

Nataka kukaa kidogo kwenye kila mstari, maana ukilitazama haraka utadhani hakuna kilichofanyika.

Bei imekuja kwanza, na kwa herufi kubwa kuliko neno "tangazo", ambalo halimo kabisa. Mtu anayesimama mbele ya karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa mashine anajua kwamba ni tangazo. Anachotafuta ni namba. Ukiificha chini, macho yake yatairukia tu, na kila alichokiruka kitakuwa kimepoteza nafasi ya kusomwa. Mbaya zaidi, namba iliyofichwa inamwambia kwamba mwenye kuificha anaionea haya.

Mstari wa tarehe 8 ndio zawadi pekee iliyomo, na haikuitwa zawadi. Mwenye mahindi ya kutosha alikuwa na siku kadhaa za kusaga kwa bei ya zamani. Wengi hawakufanya hivyo, unga wa mahindi hauwekwi miezi, lakini kupewa nafasi na kutoitumia si sawa na kubanwa ghafla. Mwaka ule ule LATRA, inayosimamia usafiri wa ardhini, ilitangaza nauli mpya Novemba na zikaanza kutumika tarehe 8 Desemba. Daladala za mwendo usiozidi kilomita kumi zikapanda kutoka 500 hadi 600, huku nauli ya mwanafunzi ikibaki 200. Lawama hazikukosekana, lakini niliona jinsi watu walivyolipokea lile la mwanafunzi: lilikuwa jambo la kwanza kurudiwa vijiweni. Kitu kisichobadilika husikika kwa sauti kubwa kuliko tunavyodhani.

Ndiyo maana mstari wa debe na pumba una uzito kuliko ule wa dizeli. Bei ya kusaga ikipanda, hofu ya mteja haiishii kwenye bei. Anajiuliza ni kipi kingine kitafuata kimyakimya. Wapo wenye mashine ambao hawatangazi kupanda kwa bei kabisa. Wanaleta debe lililobonyezwa ubavuni, au wanaanza kudai kilele juu ya kipimo, au pumba za kukoboa zinaanza kubaki mashineni bila kuulizwa, na kwa mfuga kuku pumba ni mali. Mama ntilie naye anaweza kuiacha chapati kwenye bei yake na kuipunguza unene mpaka uone taa ukiinyanyua. Anayefanya hivyo anadhani amekwepa maneno. Amekwepa maneno ya siku moja, akanunua minong'ono ya mwaka. Mama wa mashine, kwa kutaja debe na pumba waziwazi, alijifunga: sasa mtu yeyote angeweza kumshika kwa maandishi yake. Kujifunga huko ndiko kulikompa haki ya kutoomba radhi.

Ndiyo, samahani haimo. Mtu mmoja wa ofisi ya kata aliyepita kuchapa fomu zake aliiona rasimu na kusema ni kavu mno, hata salamu hakuna. Nakubali kwamba ni kavu. Lakini salamu mama alikuwa nazo tele mlangoni kila asubuhi, shikamoo na marahaba na habari za watoto, na zilikuwa za kweli. Karatasi haijui nani ni mzee na nani ni mtoto, basi ni afadhali isijifanye inasalimia. Tena samahani ya kupandisha bei ina kasoro moja ambayo haitibiki: inakiri kosa, na aliyekosa anatakiwa aache.

Kuhusu wateja wakubwa njia ilikuwa nyingine. Mama alikuwa na wateja wa magunia: jiko la shule, na wanawake kadhaa wanaopika chakula siku za mnada. Kwa gunia la debe sita, 7,200 inakuwa 9,000, na tofauti hiyo inaingia kwenye bajeti ya mtu. Hao hawakuachwa waikute ukutani. Kijana alimwandikia mama ujumbe wa WhatsApp, mmoja kwa kila mmoja, si wa kundi. Kwa mwalimu wa jiko la shule ulikuwa hivi: "Mwalimu, kuanzia Jumatatu tarehe 9 kusaga debe ni 1,500, gunia 9,000. Ni dizeli. Mnaosaga Ijumaa hii mtalipa bei ya zamani. Nikikuona nitakueleza hesabu." Hakuna alama za mshangao, hakuna mikono iliyoshikana kuomba. Kwenye kundi ujumbe wa bei hupata jibu la kwanza kutoka kwa mtu asiyekuwa na mahindi, na wengine wote wanajibu lile jibu lake. Kwa mtu mmoja mmoja hujibiwa na mwenye mahindi.

Halafu kuna wasiosoma, au wasio na miwani, au watoto waliotumwa na pesa kamili ya 1,200 ndani ya ngumi. Karatasi haiwasaidii. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kazi ya kijana haikuwa ya kuandika. Alimwambia mama amfundishe msimamizi wa mashine sentensi moja ya kusema, na aiseme siku zote zilizobaki kabla ya siku yenyewe, wakati wa kurudisha unga: "Jumatatu ijayo ni elfu moja na mia tano, dizeli." Akakataza "nimeambiwa niseme" na "mama amesema". Msimamizi anayejitenga na bei anamwacha mteja na mtu wa kuchukia asiyekuwepo. Na mtoto atakayekuja Jumatatu na 1,200 asagiwe, mia tatu iandikwe daftarini. Kumrudisha mtoto na mahindi yake kichwani kungefuta kila neno zuri lililokuwa ukutani.

Unajuaje kama tangazo limefanya kazi? Kijana ana kipimo chake: hasikilizi kama watu wanalalamika, maana bei ikipanda watalalamika, na Mkurya hafichi. Anasikiliza wanauliza nini. Wakiuliza "kuanzia lini?" tangazo limeshindwa, siku haikuonekana. Wakiuliza "na pumba je?" kitu kimesahaulika. Wakiuliza "kwani mna shida gani?" kuna neno lililojitetea mahali fulani, litafutwe. Wakisema tu "dizeli hii itatumaliza", tangazo limefika, kwa sababu hasira imekwenda ilikotoka.

Jumatatu ile nilipita mashineni. Mzee mmoja alisoma karatasi mpaka mwisho, akaweka kidole kwenye mstari wa Januari. "Hapa," alimwambia msimamizi, "nitakuja na karatasi yangu."

Nilikuwa na shaka na mstari huo tangu mwanzo. Ahadi ya kutazama bei upya ni ya hatari, na wengi wanaoiandika hawana nia nayo. Lakini sababu inayoweza kupimwa na mteja inaweza pia kurudi: ukisema dizeli imekupandisha, umekubali kwamba dizeli inaweza kukushusha. Asiyetaka hilo achague sababu nyingine, kama ubovu wa injini au mshahara wa msimamizi, ambazo hazirudi nyuma. Mama alilielewa hili, akafikiri usiku mzima, na kesho yake akasema mstari ubaki.

Jumatano tarehe 3 Januari 2024 kikomo cha dizeli Dar es Salaam kilitoka 3,078. Kilikuwa kimeshuka 370 tangu Oktoba, ambazo kwa debe ni 123. Mama alirudi steshenari na karatasi nyingine, safari hii ya furaha, imejaa "kwa kuwajali wateja wetu" na "tumeamua kuwapunguzia mzigo". Kijana aliisoma kwa sauti. Kisha akayakata yote mawili kwa kalamu, maana anayejisifu kwa kushusha anawakumbusha watu nani alipandisha. Zikabaki sentensi mbili: kuanzia Jumatatu tarehe 8, kusaga debe ni 1,400, bei ya dizeli imeshuka.

Mzee alikuja kweli, na alikuwa amepiga hesabu. Akataka kujua zile ishirini na tatu zilizobaki zimekwenda wapi.

"Babu," msimamizi alimjibu huku akifunga mdomo wa gunia, "ukinitafutia sarafu ya ishirini na tatu nakurudishia sasa hivi."

Mzee alicheka, akalipa 1,400, akauliza kama pumba bado ni zake.